Umekaa miaka bila ajira na unaomba kibali cha kazi Kanada? Eleza hivi

Ukimuuliza kijana wa Kayanga au Nkwenda alikuwa anafanya nini baada ya mkataba kuisha, wengi watajibu: “Nilikuwa nyumbani tu.” Kumbe alikuwa anahudumia kahawa ya familia na kuuza kupitia chama cha msingi, AMCOS. Jibu hilo la “nyumbani tu” ndilo linaloleta shida kwenye maombi ya kibali cha kazi Kanada.

Fomu ya maombi, IMM 1295, inataka historia ya kazi ya miaka 10 iliyopita. Ukiruka miezi, ofisa anabaki kujiuliza ulikuwa wapi, na kama kweli unaiweza kazi unayoombea. Hapo ndipo inaingia barua ya maelezo. Ukurasa mmoja unatosha.

Chukua mfano huu. Dada mmoja alifundisha shule binafsi Karagwe hadi Desemba 2019, mkataba ukaisha. Akamuuguza mama yake hadi Agosti 2021, kisha akashika shamba la kahawa Kyerwa mpaka leo. Sasa amepata mwajiri wa shamba la mboga Ontario. Mwalimu kwenda kuvuna nyanya? Ofisa lazima ashangae.

Barua yake inaweza kusema hivi: “Kuanzia Januari 2020 hadi Agosti 2021 sikuwa na ajira, nilimuuguza mama, nimeambatanisha barua ya hospitali. Tangu Septemba 2021 nimejiajiri katika kilimo cha kahawa: kupogoa, kuvuna, kuanika na kuuza. Stakabadhi za AMCOS zimeambatanishwa. Kazi ninayoomba inaendana na kazi ninayofanya sasa.”

Umeona? Hakuna kulia shida wala kumsihi ofisa. Ni tarehe, sababu na ushahidi. Kama stakabadhi zina jina la baba, lisemwe hilo, na barua ya mtendaji wa kijiji ithibitishe nani hasa analima.

Barua yenyewe iandikwe kwa Kiingereza au Kifaransa. Stakabadhi na barua za Kiswahili zitafsiriwe, na nakala ya Kiswahili iende pamoja na tafsiri. Asitafsiri ndugu yako hata kama Kiingereza chake ni cha moto, maana tafsiri ya mwanafamilia haikubaliki. Kwenye akaunti ya mtandaoni, barua hupakiwa sehemu iliyoandikwa “Client Information”.

Kabla ya kutuma, weka fomu na barua pamoja usome tarehe moja moja. Fomu ikisema ulifundisha hadi 2021 na barua ikasema 2019, umejitengenezea swali jipya. Na ukishawishiwa na wakala kuziba pengo kwa kazi ya uongo, kataa. Ukibainika umedanganya, unaweza kufungiwa kuingia Kanada miaka 5. Kutokuwa na ajira si kosa.