Kimya cha Nyota: Nani Alisikiliza, na Kwa Kiasi Gani?

Mwaka 1950, huko Los Alamos nchini Marekani, mwanafizikia Enrico Fermi aliwauliza wenzake wakati wa chakula cha mchana: wako wapi wote? Alikusudia viumbe wenye ustaarabu katika sayari nyingine. Kundi letu la nyota lina umri wa mabilioni ya miaka, muda unaotosha hata kwa wasafiri wa polepole kulienea lote. Tangu hapo wapo wanaokichukua kimya hicho kuwa ushahidi kwamba tuko peke yetu. Lakini kimya hakina maana mpaka tujue nani alisikiliza, na alisikiliza nini.

Jaribio la kwanza la kisasa lilifanywa na Frank Drake, akiwa na umri wa miaka 29, katika kituo cha Green Bank, West Virginia. Tarehe 8 Aprili 1960 alielekeza darubini ya redio yenye kipenyo cha mita 26 kwenye nyota Tau Ceti. Alisikiliza karibu na masafa ya megahezi 1420, ambayo hidrojeni iliyotapakaa angani hutoa mawimbi yake. Aliamini kwamba mtaalamu yeyote wa nyota, popote alipo, angeyafahamu.

Tau Ceti haikutoa kitu. Alipogeukia Epsilon Eridani, mara mitambo ikapokea mapigo makali, manane kwa sekunde. Aliisogeza darubini pembeni, mapigo yakatoweka. Aliporudi, hayakuwapo tena. Je, kilichoyanyamazisha kilikuwa kule kusogeza darubini, au chanzo chenyewe kilikoma kwa wakati uleule? Hakuweza kujua. Basi akatoa antena ndogo dirishani. Antena hiyo ilikuwa dhaifu mno kusikia nyota, hivyo chochote ilichokisikia kingekuwa cha karibu. Siku chache baadaye mapigo yalirejea, na antena ndogo nayo ikayasikia. Yalitoka hapahapa duniani, yamkini kwenye ndege iliyopaa juu sana.

Jaribio hilo lilikoma mwezi Julai: nyota mbili tu, na ukanda mwembamba wa masafa. Utafutaji umepanuka sana tangu wakati huo, lakini mwaka 2010 mtaalamu Jill Tarter na wenzake walilinganisha kazi yote iliyokwisha kufanyika na kuchota bilauri moja ya maji kutoka baharini. Bilauri isiyo na samaki haithibitishi kwamba bahari haina samaki.

Hata hivyo bilauri hiyo si bure. Kama jirani wa karibu angekuwa akitutangazia bila kukoma, kwa nguvu kubwa na katika masafa tuliyokwisha kuyapekua, tungekwisha kumsikia. Huyo tunaweza kumfuta. Kuhusu wengine, nyota hazijajibu kwa sababu sehemu kubwa ya swali bado haijaulizwa. Mwanahistoria anaifahamu hali hii: jina lisiloonekana katika jalada moja halimfanyi mtu kuwa hakuwahi kuishi.