Mwili Unaodaiwa Mahakamani: Kwa Nini Habeas Corpus Husema Inavyosema

Miaka michache iliyopita nilikuwa Mbwawa kwa mapumziko ya mwisho wa juma, mkutubi wa vitabu vyangu nikigeuka mpalilia mihogo, pale nilipoona akina mama wakitandika mikeka kwa jirani. Mtoto wa kiume wa nyumba ile, dereva wa bodaboda, alikuwa amechukuliwa njiani siku tano kabla na watu waliojitambulisha kuwa askari. Wakili aliyetafutwa na ndugu zake alikuwa ameipigia simu familia asubuhi ile na kueleza, kwa nia njema kabisa, kwamba amefungua maombi ya habeas corpus, "yaani tunaitaka polisi ilete mwili." Mama mtu hakusubiri maelezo zaidi. Kwetu mtu aliye hai haitwi mwili.

"Kaka, wewe umesoma," aliniambia nilipoingia, "niambie kama mwanangu ameshazikwa."

Nilitumia saa nzima kumweleza kwamba hakuna aliyesema kijana amekufa. Tangu siku ile nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu jambo hilohilo, kwa sababu ndani ya maneno hayo mawili imo namna nzima ambayo mahakama hulitumia jambo hili, na pia imo mipaka yake.

Neno la kwanza, habeas, linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwa na kitu. Umbo lake ni lile ambalo sisi tunalijua vizuri katika "uje", "ulete", "uwe": ni amri iliyovaa joho la heshima, na inamwelekea mtu mmoja, wewe. Corpus ni mwili. Kwa hiyo tafsiri iliyo karibu zaidi ni "uwe na mwili wa fulani", na hati zenyewe ziliendelea kusema uwe nao mbele yetu, siku kadhaa, kwa kusudi kadhaa. Mkia wa sentensi ndio uliobeba kusudi. Ulikuwapo mkia wa kumleta mtu ajibu madai, na mwingine wa kumleta atoe ushahidi. Ule tunaoutumia leo huitwa ad subjiciendum: aletwe ili awe chini ya lolote litakaloamuliwa na mahakama.

Hapa ipo kejeli ambayo historia huipenda. Katika Uingereza ya enzi za kati hati hii haikubuniwa kumfungua mtu. Ilikuwa chombo cha kumkamata na kumfikisha. Jaji alimwandikia mtendaji wa wilaya kwamba hataki taarifa wala udhuru, anamtaka mtu mwenyewe, nyama na mifupa, asimame mbele yake. Ndiyo sababu likatumika neno mwili. Baadaye mawakili wakagundua kwamba amri ileile inaweza kugeuzwa: ikiwa jaji anaweza kumwambia mlinzi wa gereza alete mtu, anaweza pia kumuuliza kwa sababu gani anaye. Sheria ya mwaka 1679 ikaweka saa juu ya ukuta. Gereza lililo ndani ya maili 20 lilipewa siku 3 kumleta mfungwa, la hadi maili 100 siku 10, na la mbali zaidi siku 20. Mlinzi aliyekaidi alitozwa pauni 100 kwa mara ya kwanza.

Tanganyika ilirithi utaratibu huo pamoja na sheria nyingine za Kiingereza mwaka 1920. Leo tunaukuta katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, inayoipa Mahakama Kuu uwezo wa kuamuru mtu aletwe mbele yake ashughulikiwe kwa mujibu wa sheria, na aliyezuiliwa isivyo halali aachiwe, awe katika kizuizi cha serikali au cha mtu binafsi. Mwombaji huapa hati ya kiapo akieleza nani amechukuliwa, lini, na nani anayemshikilia. Mshikiliaji hujibu kwa kiapo. Akikiri kuwa anaye, mzigo humhamia yeye: aonyeshe sheria inayomruhusu. Akiionyesha, na ikatosha, mtu hurudi kizuizini. Mahakama haiamui hapo kama mtu ana hatia. Inahoji uhalali wa kumshikilia tu.

Kesi inayonifundisha zaidi ni ya jirani zetu Uganda. Mwaka 1966, Obote alipoitupa katiba ya mwaka 1962, Michael Matovu, chifu wa Buddu katika Buganda, alikamatwa na kuwekwa kizuizini. Maombi yake yalipofika Mahakama Kuu, majaji wakaona dosari ya ajabu: hayakumtaja mjibu maombi yeyote. Amri ya "uwe na mwili" ilikuwa imeandikwa bila "wewe". Mahakama ingeweza kuyatupa. Jaji Mkuu Udo Udoma na wenzake walikataa kufanya hivyo, kwa kuwa uhuru wa mtu ulikuwa mezani, na Kamishna wa Magereza akaingizwa katika kichwa cha shauri. Uungwana ukaishia hapo. Mwezi Februari 1967 mahakama iliikubali katiba mpya kuwa halali kwa hoja kwamba mapinduzi yaliyofaulu huzaa sheria yake, ikaona kuwa maelezo ya sababu aliyopewa Matovu hayakutosha, lakini ikasema upungufu huo haubatilishi kizuizi. Alibaki ndani. Wanasheria wengi huikumbuka kesi hii kwa nadharia ya mapinduzi. Mimi naikumbuka kwa ile nafasi tupu ya jina.

Miaka mitano baadaye, Septemba 1972, Jaji Mkuu mwingine wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, aliamuru kuachiwa kwa Mwingereza Daniel Stewart aliyeshikiliwa na wanajeshi. Tarehe 21 ya mwezi huohuo watu wenye silaha walimchukua Kiwanuka mwenyewe kutoka jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, mchana kweupe. Hakuonekana tena. Serikali ya Amin ilikana kuwa inaye.

Kukana huko ndiko kunakoivunja hati hii. Mshikiliaji anayesema "ninaye, na sheria yangu hii hapa" anaweza kuhojiwa. Anayesema "sinaye" huiacha amri ikielea kama barua isiyo na anwani. Agosti 2024, Deusdedith Soka na wenzake wawili walipochukuliwa Dar es Salaam, maombi yalifunguliwa Mahakama Kuu dhidi ya viongozi wa polisi. Polisi walikana. Mahakama iliyatupa maombi kwa kukosekana ushahidi kwamba wako mikononi mwa polisi, ikawataka polisi waendelee kuwatafuta. Kwa mantiki ya maneno yenyewe ya Kilatini, uamuzi ule unaeleweka, kwani huwezi kumwamuru mtu alete asichonacho. Hata hivyo naona ulimwachia mwombaji kazi isiyowezekana. Aliyechukuliwa na gari lisilo na namba hapewi risiti. Mahakama ingeweza kudai kwanza, kwa kiapo cha kila mkuu wa kituo, madaftari ya mahabusu ya siku husika, na kumruhusu wakili awahoji juu ya viapo hivyo kabla ya kuridhika na neno "hatunao".

Yule kijana wa Mbwawa alipatikana. Siku mbili kabla maombi yake hayajasikilizwa alifikishwa mahakama ya chini na kusomewa shitaka, na papo hapo maombi yakafa, kwa sababu sasa alishikiliwa kwa amri ya hakimu. Siku zile zote za kabla yake hazikuulizwa na mtu yeyote. Mama yake alikwenda kumwona akiwa na chupa ya uji. Aliporudi alikunja mikeka mwenyewe, akaniambia kwamba mwanawe amekonda, na kwamba lile neno la wakili nisilitamke tena nyumbani kwake.