Umri wa Bibi Harusi

Katika South End ya Louisville, wakimbizi wa Kongo si wachache ambao vyeti vyao vinasema walizaliwa 1 Januari. Tarehe hiyo huandikwa pale mwaka unapojulikana lakini siku haijulikani.

Tuchukue mfano wa mama aliyeandikiwa 1 Januari 1964. Wazee wake husema alizaliwa waasi wa Simba walipoiteka Uvira, yaani Mei mwaka huo. Aliolewa Februari 1980, wiki chache baada ya Mobutu kufuta noti za zaire tano na kumi. Kwa cheti, 1980 kutoa 1964 ni miaka 16. Kwa kumbukumbu, Mei ilikuwa bado haijafika, hivyo tunapunguza mmoja: alikuwa na miaka 15.

Mwanahistoria asiyeuliza mwezi wa kuzaliwa atamwozesha akiwa mkubwa kuliko alivyokuwa.