Namba ya Nne: Jinsi Picha Ilivyopata Dirisha

Kabla ya kompyuta, dirisha la picha lilikatwa kwa kisu. Kwenye viwanda vya uchapaji, fundi wa kupanga kurasa alitandaza filamu nyekundu iliyoitwa Rubilithi, akakata utando wake mwekundu bila kuitoboa plastiki angavu iliyo chini, kisha akaubakiza wekundu pale tu picha ilipotakiwa kukaa. Kwa filamu ya kamera ya kiwandani, nyekundu hiyo ilikuwa sawa na nyeusi. Kwa hiyo kwenye negativu sehemu ile ilitoka angavu kabisa, na negativu ya picha ikabandikwa nyuma yake. Mafundi waliiita sehemu hiyo dirisha kwelikweli, kwa kuwa mwanga ulipita humo.

Kompyuta haikuwa na plastiki angavu. Picha ya rangi ilihifadhi namba tatu kwa kila nukta: kiasi cha nyekundu, kijani na bluu. Ukifuta nukta, lazima namba nyingine zikae mahali pake. Sifuri tatu ni weusi. 255 tatu ni weupe. Hapakuwa na namba yoyote ya kusema kwamba hapa hamna kitu.

Namba hiyo ilipatikana mwaka 1977 katika Taasisi ya Teknolojia ya New York. Ed Catmull alikuwa akiandika programu ya kuchora maumbo, na kila alipotaka kuliweka umbo lile lile mbele ya mandhari nyingine, ilibidi kompyuta ilichore upya, kazi iliyokula muda mwingi. Yeye na Alvy Ray Smith wakaamua kila nukta ibebe namba ya nne, inayoeleza nukta hiyo inaziba kiasi gani kilicho nyuma yake. Wakaiita alfa, kwa herufi ya Kigiriki iliyokuwamo katika kanuni ya kuchanganya picha mbili. Alfa ya 0 ni tundu tupu, ya 1 ni ukuta.

Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff, wa Lucasfilm, wakachapisha hesabu kamili ya kupachika picha juu ya picha. Miongoni mwa operesheni zao 12 imo ya kutoboa: chukua picha, ibakize pale tu ambapo umbo la pili halipo. Kwa lugha ya hesabu, alfa ya picha inazidishwa kwa moja kutoa alfa ya umbo linalotoboa.

Utamu wa hesabu hiyo uko ukingoni. Chukua picha ya ukuta tunaoutoboa dirisha la duara. Nukta zilizo katikati ya duara zina alfa 0, za ukutani zina 1, lakini mstari wa duara unapita katikati ya nukta nyingi, ukiacha nusu huku na nusu kule. Hizo hupewa alfa ya 0.5. Kama ukuta hapo una mng'ao wa 120 na anga tuliyoiweka nyuma ina 200, nukta itaonyesha nusu ya 120 na nusu ya 200, yaani 160, na jicho litaona mduara laini. Bila alfa ya katikati, nukta hiyo ingekuwa ama ukuta ama anga, na ukingo ungetoka na ngazi-ngazi.

Photoshop ilipotoka mwaka 1990, hata hivyo, ukichagua eneo na kubonyeza Delete ulipata rangi ya usuli, kwa kawaida nyeupe. Tundu la kweli lilikuja na tabaka katika toleo la 3.0, mwaka 1994: futa kwenye tabaka, na chini yake vinaonekana viraka vya kijivu na vyeupe. Asili hiyo bado inawasumbua wanaoanza. Picha ya JPEG haibebi alfa, hivyo hufunguka kama tabaka lisilo na uwazi. Kwenye GIMP, ukifuta ukapata rangi, nenda Layer, kisha Transparency, uchague Add Alpha Channel kwanza. Ukihifadhi tena kama JPEG, dirisha litazibwa.

Kwenye mtandao, GIF ya 1989 iliruhusu rangi moja tu iwe tundu. Nukta za ukingoni ambazo tayari zilichanganywa na weupe zilibaki hivyo, na picha ikiwekwa juu ya rangi nzito, utepe mweupe ulilizunguka dirisha. Ndiyo sababu mpaka leo fundi makini huweka tabaka jeusi, kisha jekundu, chini ya tundu lake kabla ya kukabidhi kazi: utepe hujitokeza mara moja.

PNG, iliyopitishwa rasmi mwaka 1996, ilileta ngazi 256 za alfa na zaidi. Lakini kivinjari cha Internet Explorer 6, kilichotumiwa na watu wengi duniani, kilijaza uwazi huo rangi ya kijivu. Wabunifu wengi wakaendelea na GIF na tepe zake mpaka toleo la 7 lilipotoka mwaka 2006.