Kwikwi

Kwikwi (pia: kekevu au chechevu) ni mkazo wa ghafla wa kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ambao mwenyewe hawezi kuuzuia kwa hiari yake.

Katika kupumua kwa kawaida kiwambo hushuka taratibu na hewa huingia mapafuni. Wakati wa kwikwi hushuka kwa mshtuko, hewa hufyonzwa kwa kasi, na mara hiyohiyo nyuzi za sauti kooni hujifunga. Kufungwa huko ndiko kunakotoa sauti ya "kwik".

Amri ya mkazo hutoka kwenye shina la ubongo na kupitia neva inayotoka shingoni hadi kwenye kiwambo. Mara nyingi kinachoichokoza ni tumbo lililojaa ghafla. Mtu akila ugali upesi akiwa na njaa, kisha akateremshia soda baridi, gesi hupanua tumbo lililo chini tu ya kiwambo, na neva za hapo hupeleka habari kwenye ubongo. Pombe, pilipili na msisimko huweza kufanya vilevile.

Kubana pumzi husaidia pengine kwa sababu ya dioksidi ya kaboni. Gesi hiyo hutengenezwa mwilini muda wote na hutolewa kwa pumzi. Pumzi ikibanwa, huongezeka katika damu. Imeonekana kwamba ikiongezeka kwikwi hupungua, na mtu akihema harakaharaka hata ikapungua, kwikwi huzidi. Kwa hiyo mnywaji wetu wa soda avute pumzi, aibane kwa sekunde kumi au ishirini, kisha aiachie polepole. Akiishia kuhema kwa nguvu, huitoa upesi gesi aliyoikusanya. Akihisi kizunguzungu aache mara moja.

Hata hivyo njia hii haifaulu kila mara. Gesi hutuliza mzunguko wa neva tu. Haiondoi kilichouchokoza, na tumbo likibaki limejaa kwikwi huweza kurudi. Tena kwikwi nyingi huisha zenyewe baada ya dakika chache, hivyo ni vigumu kujua kama ni pumzi iliyozizima. Ndivyo ilivyo pia kwa kipande cha uzi anachobandikwa mtoto mchanga kwenye paji la uso: uzi husifiwa kwa kazi iliyofanywa na muda.

Kwikwi ikipita saa 48 haifai tena kutibiwa kwa kubana pumzi. Inaweza kuwa dalili ya asidi inayopanda kutoka tumboni, figo kushindwa kazi, au kiharusi, hasa ikiambatana na ganzi au ugumu wa kumeza, na hapo daktari hutafuta chanzo. Mmarekani Charles Osborne alianza kupata kwikwi mwaka 1922 alipokuwa akipima uzito wa nguruwe. Zilikoma mwaka 1990.