Kodi ya mshahara: Makofi ya Mei Mosi na nafuu iliyopita kimya

Kila Mei Mosi mwajiriwa mpya husikia wenzake wakidai kodi ya mshahara ipunguzwe. Mwisho wa mwezi anapokea hati yake ya kwanza ya mshahara, anakuta mstari wa PAYE, na hajui fedha hiyo imekatwaje.

Mtindo wa mwajiri kukata kodi kila mwezi ulianza Uingereza Aprili 1944, wakati wa vita. Kwetu Tanzania, tangu Julai 1996 fedha hiyo hupelekwa TRA.

Mvutano mkubwa ulihusu kiwango cha chini. TUCTA ilidai kwa miaka kishuke hadi tarakimu moja. Mei Mosi 2016, mjini Dodoma, Rais Magufuli alitangaza kukishusha kutoka asilimia 11 hadi 9. Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia akakishusha hadi 8. Uwanja ulishangilia mara zote mbili.

Mhasibu mstaafu aliyenifundisha kusoma hati hizi husisitiza jambo moja: asilimia hiyo hukata kipande kimoja tu cha mshahara. Chukua mwajiriwa wa sekta binafsi anayelipwa shilingi 800,000. Kwanza mchango wake wa NSSF, asilimia 10, unaondoa 80,000. Kodi inapigwa kwenye 720,000 zilizobaki. Shilingi 270,000 za mwanzo hazikatwi kitu. Kuanzia hapo hadi 520,000 anakatwa asilimia 8, yaani 20,000. Zilizobaki 200,000 zinakatwa asilimia 20, yaani 40,000. PAYE yake ni 60,000, na mkononi anapata 660,000 kama hana makato mengine.

Sasa tazama ile asilimia moja ya 2021. Imeshuka kwenye kipande cha 250,000, kwa hiyo ilimwachia shilingi 2,500 kwa mwezi, na hakuna aliyepata zaidi ya hapo. Nafuu kubwa ilikuja mwaka mmoja kabla, Julai 2020, pale kiwango kisichotozwa kodi kilipopandishwa kutoka 170,000 hadi 270,000 na madaraja ya juu yakasogezwa. Kwa mshahara huohuo, kodi ilishuka kutoka 98,100 hadi 62,500. Hizo ni shilingi 35,600 kila mwezi, na ni wachache wanaoikumbuka bajeti ile. Naona vyama vya wafanyakazi vimekazania asilimia kupita kiasi, wakati mpaka wa daraja ndio unaoamua mtu anabaki na nini.

Kwa sababu hiyohiyo, usiogope nyongeza eti itakupandisha daraja. Mwenye 800,000 akiongezwa 50,000, baada ya kuondoa NSSF ni shilingi 5,000 tu zinazovuka mpaka wa 760,000 na kukatwa asilimia 25. Mkononi atapata 695,750.

Piga hesabu hii kwenye hati yako ya kwanza. PAYE ikizidi, angalia kwanza kama NSSF iliondolewa kabla ya kodi, kisha mwone mhasibu wenu mapema, kwa kuwa mwajiri anapaswa kuiwasilisha TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha.