Pointi 50 za msingi ni nusu ya nini?

Aprili 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipandisha riba yake kutoka asilimia 5.5 hadi 6. Kwa lugha ya mabenki, ilipanda kwa pointi 50 za msingi. Pointi moja ya msingi ni sehemu moja ya mia ya asilimia moja. Basi pointi 100 ni asilimia kamili, na pointi 50 ni nusu yake. Ukisikia idadi ya pointi, igawe kwa 100 upate asilimia.

Kipimo hiki kipo kwa sababu riba yenyewe hutajwa kwa asilimia. Tuseme mkulima wa mpunga wa Kasansa, huku Mpimbwe, anakopa shilingi 2,000,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Akiambiwa riba imepanda kwa "nusu asilimia", anaweza kuelewa nusu asilimia ya ile 16, na riba mpya ingekuwa 16.08. Mwingine atajumlisha tu na kupata 16.5. Pointi 50 za msingi hazina njia mbili: ni kujumlisha, na jibu ni 16.5. Kwa mwaka mzima riba inatoka shilingi 320,000 na kuwa 330,000. Anayesikia "50" akadhani ni asilimia 50 atajitisha bure, maana hiyo ingeifikisha riba kwenye 24.

Tafsiri ya "pointi za msingi" ina mtego wake. Katika mikataba yetu "deni la msingi" ni fedha uliyokopa kabla ya riba. Pointi za msingi hazigusi fedha hiyo. Zinapima mwendo wa kiwango cha riba peke yake.

Riba ya Benki Kuu nayo haiongezwi moja kwa moja kwenye mkopo wa mkulima. Inaongoza bei ambayo mabenki hukopeshana kwa siku saba, na mkopeshaji wa mwisho huamua mwenyewe apandishe kiasi gani, na lini.

Jambo la kukagua kwa makini kuliko yote ni muda. Wakopeshaji wengi wadogo hutaja riba ya mwezi. Mkopeshaji akitoka asilimia 3 hadi 3.5 kwa mwezi, naye ameongeza pointi 50, lakini kwa miezi 12 ni pointi 600, yaani asilimia 6 kwa mwaka. Kwa mkopo uleule wa 2,000,000, unaolipwa wote kwa mkupuo baada ya mavuno, miezi minane tangu kukopa, nyongeza ya pointi 50 za mwaka ni kama shilingi 6,700. Zikiwa za mwezi, ni shilingi 80,000. Katika mkataba, tofauti hiyo yote inabebwa na maneno "kwa mwezi" au "kwa mwaka" yanayofuata tarakimu ya riba.